Nihesabu tu: hotuba fupi ya binti siku ya miaka 30 ya ndoa

Wiki hii nina barua ya msomaji wa Morogoro. Ameniruhusu niitumie, na tumekubaliana nibadilishe yale yanayoweza kumtambulisha. Anaandika hivi:

“Shikamoo. Wazazi wetu walifunga ndoa mwaka 1995, na mwaka huu wanatimiza miaka 30. Tumeandaa hafla ndogo, watu kama themanini, na kamati imenipa dakika tano za kuzungumza kwa niaba ya watoto kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba. Nimeandika kurasa mbili na nusu lakini sina amani nazo. Kuna jambo linanisumbua. Mdogo wetu mmoja wa kiume si mtoto wa mama. Aliletwa nyumbani mwaka 2007 akiwa na miaka mitano, na mama akamlea pamoja na sisi. Naona kama nisipolisema, nitakuwa nimemnyima mama sifa anayostahili kuliko zote. Nikilisema, naogopa. Nifanyeje?”

Nilimpigia simu, akanisomea alichoandika. Tulizungumza mara tatu katika siku kumi. Nitaeleza tulivyofika kwenye hotuba aliyoisoma, kwa sababu najua wengi wenu mtapewa kipaza sauti siku moja, na karibu kila nyumba ina jambo lake.

Tuanze na muda. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na maneno yapata 1,100. Mtu anayesoma kwa utulivu mbele ya watu, akipumua na kutazama wageni, hutumia kama dakika moja kwa kila maneno mia. Kwa hiyo zile kurasa mbili na nusu zilikuwa hotuba ya dakika kumi na moja, wakati amepewa tano. Na katika hizo tano lazima utoe vigelegele, kicheko, na mtani atakayedakia. Hotuba inayotosha dakika tano ni ya maneno 300 hadi 350. Usikisie. Weka saa ya simu mezani, simama, usome kwa sauti kama siku yenyewe.

Tulipopunguza, kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa historia. Alikuwa ameanza na mahali baba alipozaliwa, shule aliyosoma, jinsi alivyokutana na mama, na mahari ilivyopelekwa. Hayo ni mazuri, lakini si yake. Kwenye ratiba yao baba mkubwa alikuwa amepewa nafasi ya kueleza safari ya ndoa, naye alikuwepo, binti hakuwepo. Mtoto aseme yale ambayo mtoto peke yake aliyaona: mambo ya ndani ya nyumba, ya jikoni, ya alfajiri. Hilo hakuna mgeni mwingine anayeweza kulisema.

Cha pili kilikuwa zile sifa ambazo tumezizoea: mama ni nguzo, baba ni shujaa, nyinyi ni mfano wa kuigwa. Nilimpa kipimo kimoja. Soma kila sentensi na ujiulize: je, binti wa jirani angeweza kuisema hii kwa wazazi wake bila kubadilisha neno? Kama ndiyo, ifute. Alifuta nusu ya ukurasa. Aliondoa pia maelezo ya lulu. Ni kweli kwamba miaka 25 huitwa jubilei ya fedha, 30 ya lulu na 50 ya dhahabu, lakini mshereheshaji atalisema hilo, na huenda keki nayo imeandikwa hivyo. Haihitaji kusemwa mara ya tatu.

Baada ya hapo zilibaki sentensi chache tu, na moja kati ya hizo ilinifanya nimwambie asimame hapo hapo. Alikuwa ameandika, kama kwa kupita, kwamba baba alipopunguzwa kazi kiwandani mama alianza kupika vitumbua, na baba ndiye aliyekuwa akiwasha jiko. Nikamuuliza: saa ngapi? Alijuaje, akiwa mtoto wa miaka saba? Akaniambia kuhusu sauti ya kipepeo uani. Nikamuuliza tena: na mama, alifanya nini kwa baba? Akanyamaza kidogo, halafu akanieleza habari ya vitumbua viwili. Hapo hotuba ilikuwa imepatikana. Alichohitaji ni kisa kimoja tu ambacho ndani yake baba anamfanyia mama jambo, na mama naye anamfanyia baba jambo. Siku ya maadhimisho ya ndoa, kisa kinachomsifu mmoja pekee humwacha mwingine akiwa kama mgeni kwenye sherehe yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile zito.

Kwenye rasimu ya kwanza aliandika aya nzima akimshukuru mama kwa “kumpokea mtoto ambaye hakumzaa na kumpenda kama wake.” Nia ilikuwa njema. Lakini nilimwomba aisome aya hiyo mara tatu, kila mara akijiweka mahali pa mtu mwingine aliyeketi pale ukumbini.

Akiwa baba: ameketi meza kuu, amevaa suti, mbele ya wakwe zake, na binti yake anatangaza kosa lake la zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hata likisemwa kwa lugha ya sukari, ndugu wa mama watainamisha macho. Na huyu mama ni Mluguru. Kwa Waluguru, kwa asili, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Wajomba wale walisuluhisha jambo hilo miaka ile. Kulifungua tena kwenye kipaza sauti ni kama kusema hawakulimaliza.

Akiwa mama: anasifiwa, ndiyo, lakini kwa jambo ambalo hakulichagua, na ambalo kwa miaka yote hajalitumia kama silaha. Sifa hiyo inamvua siri aliyoamua mwenyewe kuitunza.

Akiwa yule kijana, ambaye sasa ana miaka 23: amekaa na wadogo zake na anasikia akiitwa “mtoto ambaye hakumzaa.” Wageni wanageuka kumtafuta ni yupi. Picha zote za siku ile, kwake, zitakuwa na sentensi hiyo.

Binti alipomaliza kusoma mara ya tatu alisema, “Basi niiache kabisa?” Nikamwambia kuiacha aya si sawa na kumwacha ndugu. Kuna njia ya zamani na ya adabu ya kusema mtu ni wetu, nayo ni kumhesabu. Ukisema “sisi watoto watano,” bila maelezo na bila kusitasita, umesema yote. Anayejua habari ataelewa uzito wake. Asiyejua ataona familia yenye watoto watano, na hajapungukiwa kitu.

Hata hivyo, neno hilo moja nalo linahitaji ruhusa. Nilimshauri azungumze na watu watatu, kila mmoja peke yake, wiki moja kabla. Kwa baba aliomba ruhusa ya kutaja kupunguzwa kazini. Miaka ile wafanyakazi wengi wa viwanda walipoteza ajira, kwa hiyo si aibu, lakini ni maumivu yake na ni haki yake kuulizwa. Baba alikubali, akaongeza kwamba ovaroli yake ilikuwa ya bluu, isije ikasemwa ya kijani. Kwa mama alisema hivi: “Nitataja vitumbua, na nitasema sisi ni watano. Sitaeleza zaidi.” Mama akajibu, “Kwani mko wangapi?” Hilo lilikuwa jibu tosha.

Kwa mdogo wake alikwenda na rasimu mkononi, ili asije akadhani ameficha aya fulani. Kijana akaisoma yote, akairudisha, akasema: “Nihesabu tu.”

Hii ndiyo hotuba yenyewe, kama alivyoisoma. Ina maneno 240 hivi.

“Baba na mama, shikamooni. Babu na bibi, wajomba, mashangazi na wakubwa wote mliopo, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Itifaki imezingatiwa.

“Mimi ni kifungua mimba wa nyumba hii. Nimepewa dakika tano, nami nina jambo moja tu la kusimulia.

“Mwaka 2003 baba alipunguzwa kazini. Nilikuwa na miaka saba. Sikujua maana ya kupunguzwa. Nilichojua ni kwamba baba hakuvaa tena ile ovaroli ya bluu, na mama alianza kupika vitumbua vya kuuza. Alikuwa analoweka mchele tangu jana yake, na saa kumi alfajiri anaamka kupika.

“Lakini kabla ya saa kumi nilikuwa nasikia sauti nyingine uani. Ilikuwa sauti ya kipepeo. Baba ndiye aliyeamka kwanza. Aliwasha jiko la mkaa, akalipepea mpaka moshi ukaisha, ndipo akaingia ndani kumwamsha mama. Mama hakuukuta moshi. Aliukuta moto.

“Sikuwahi kumsikia mama akisema asante kwa jambo hilo. Ila vitumbua viwili vya kwanza, kila siku, alivifunika kwa bakuli akaviweka pembeni. Siku moja nilifunua nikala kimoja. Wadogo zangu wanajua kilichonipata. Vilikuwa vya baba.

“Ilikuwa hivyo kwa miaka sita. Katika miaka hiyo, na baada yake, nyumba yetu imepita kwenye mengi. Wanaoyajua wanayajua. Mimi ninachokijua ni kwamba hakuna asubuhi tuliyoamka tukakuta jiko limepoa.

“Leo nyumbani kuna jiko la gesi, halihitaji kupepewa. Baba bado anaamka kwanza. Mama bado anamfunikia chakula.

“Baba, mama, sisi watoto wenu tuko watano. Sote watano tulikula kutoka kwenye jiko lile. Wadogo zangu wanne, njooni tusimame pamoja.

“Baba na mama, asanteni kwa ule moto.

“Ndugu na marafiki, naomba tusimame na tuinue glasi zetu. Kwa baba na mama: kwa miaka 30, na mingine iliyo mbele.”

Nieleze mambo machache yaliyomo, ili ukichukua mfano huu uchukue mifupa yake na si maneno yake.

Salamu ni fupi lakini haikuruka mtu. Kwetu huwezi kuanza hotuba mbele ya babu zako bila shikamoo, na wajomba walitajwa mapema kwa sababu niliyoieleza. Baada ya hapo “itifaki imezingatiwa” ilimwokoa na orodha ya kamati, majirani na wafanyakazi wenzake baba. Hao wana mshereheshaji wa kuwataja.

Sentensi ya “nina jambo moja tu” ina kazi. Wageni wakisikia hivyo hutulia, kwa sababu wanajua hawatashikiliwa. Ukiisema, itimize. Ukiongeza jambo la pili, watu huanza kuhesabu.

Kile kisa cha kula kitumbua kimewekwa katikati kwa makusudi. Hotuba ya mtoto kwa wazazi hubeba machozi, na mahali pa kucheka huwapa watu nafasi ya kupumua kabla ya lile zito. Tazama pia kwamba anayechekwa ni msemaji mwenyewe. Usimfanye baba yako kichekesho mbele ya wakwe, hata kama nyumbani mnataniana hivyo.

“Wanaoyajua wanayajua” ndiyo sentensi tuliyoibishania zaidi. Yeye alitaka kusema “tumepitia majaribu makubwa.” Neno kama hilo humfanya mgeni aanze kuuliza jirani yake: majaribu gani? Sentensi aliyotumia inakiri kwamba miaka 30 haikuwa sikukuu tupu, halafu inafunga mlango taratibu. Na mara tu baada yake anatoa kile anachoweza kukishuhudia, jiko ambalo halikupoa, ili macho ya watu yarudi kwa wazazi.

Kisha anahesabu, na hakuishia kwenye kuhesabu. Aliwaita wadogo zake wanne kwa pamoja, bila kuwataja mmoja mmoja. Angetaja majina, angelazimika kuchagua nani wa kwanza na nani wa mwisho, na watu wangesikiliza mpangilio. Kuwaita pamoja kunafanya kwa miguu kile ambacho aya nzima ya rasimu ya kwanza ilishindwa kufanya kwa maneno.

Hapa lazima niseme mpaka wa ushauri huu. Kama mama angejibu kwa namna nyingine, kama kidonda bado kingekuwa kibichi, basi idadi isingetajwa kabisa. Angesema “sisi watoto wenu,” akawaita ndugu zake mbele, akaishia hapo. Kipaza sauti si mahali pa kumshawishi mama akubali jambo. Na kama yule kijana angesema hataki kusimama mbele, asingeitwa mtu yeyote mbele. Wote wangebaki kwenye viti vyao. Jambo la aina hii likihitaji kusuluhishwa, lina wazee wake na siku yake.

Yamebaki ya siku yenyewe. Nilimwambia aombe kamati imweke kabla ya chakula. Sahani zikishaanza kupita, hata hotuba nzuri hushindana na vijiko. Aandike kwenye karatasi, si kwenye simu, maana simu huzima kioo katikati ya sentensi au huita. Herufi ziwe kubwa, mstari uachwe kati ya aya na aya, na ile aya ya mwisho iwe kwenye karatasi yake peke yake. Kipaza sauti akishike chini ya kidevu, umbali wa upana wa kiganja, asikigonge kwa kidole kukijaribu. Neno la kwanza la salamu litamwonyesha kama kinasikika. Asimame kando ya meza kuu, akae upande, ili awatazame wazazi anapowaambia “baba, mama,” na wageni wamwone pia.

Tulizungumza pia kuhusu kulia. Machozi si kosa, lakini sauti ikikatika usilazimishe sentensi. Nyamaza, vuta pumzi mbili, kunywa maji. Watu watakungoja, na mara nyingi watakupigia vigelegele vya kukutia nguvu. Ukiona hairudi, ruka moja kwa moja hadi ile karatasi ya mwisho, useme asante na uwasimamishe wageni. Hotuba iliyokatwa katikati na kufungwa vizuri ni bora kuliko iliyosomwa yote kwa kwikwi bila kusikika.

Na kama mtani akidakia, mwachie. Usibishane naye wala usiongeze sauti. Cheka, subiri kicheko kishuke, rudia nusu ya sentensi ya mwisho uliyosema, uendelee. Utajua unapoteza watu kwa dalili nyingine: wakubwa wanatazama chini badala ya kukutazama, mama anarekebisha mtandio usio na shida, mshereheshaji amesimama na kusogea hatua mbili. Ukiziona hizo, nenda kwenye aya ya mwisho.

Hafla ilifanyika Jumamosi iliyopita, na Jumapili alinipigia simu. Alitumia dakika nne na kitu. Mtani mmoja wa upande wa baba alidakia kwenye vitumbua, akidai fungu lake la tangu 2003, na ukumbi ukacheka sana. Hakulia mpaka alipofika kwenye “asanteni kwa ule moto,” na hapo karatasi ya mwisho ilimsaidia. Wadogo zake walipopita mbele, yule kijana alisimama pembeni kabisa, mwishoni mwa mstari. Mpiga picha akawaomba wasogeleane. Mama akainuka meza kuu, akaja kusimama upande ule wa mwisho, na picha ikapigwa hivyo.

Wenye hafla za namna hii miezi ijayo, na wenye rasimu zinazowanyima usingizi, niandikieni kama kawaida. Nitumieni hotuba yenyewe pamoja na muda mliopewa, na mniambie nani watakuwa wameketi meza kuu.